Barua niliyomwandikia mwenye nyumba kuhusu paka

Mwenye nyumba wangu hapa Majengo, Moshi, si mtu wa kuchukia wanyama. Mkewe anafuga kuku uani, na mbwa wa jirani akipita hapewi mawe. Kwa hiyo aliponiambia paka hapana, nilijua ana sababu, na sababu yenyewe nilikuwa naiona kila nikilala chali: doa la kahawia kwenye silingi bodi ya chumba changu, pana kama sinia, kingo zake zimekolea kuliko katikati.

Mpangaji aliyenitangulia alikuwa na paka jike. Yule paka alipata upenyo pale ukuta unapokutana na bati, akapanda darini, akazaa. Watoto wakakulia humo humo na kukojoa humo humo, mkojo ukanywewa na bodi kidogo kidogo mpaka ukatokea upande wa chini. Mpangaji akahama, paka wakabaki. Mzee akamlipa fundi awatoe na kuondoa uchafu, na bodi yenyewe hakuibadilisha kwa sababu fedha ziliishia hapo. Hizo zote alinisimulia siku nilipomwomba kwa mdomo, ameketi barazani baada ya alasiri. "Mwanangu, wewe sina ubaya nawe," alisema. "Lakini yule naye aliniambia paka wake msafi."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike. Ahadi ya usafi alishapewa na mtu mwingine, na akailipia yeye. Nikienda na ahadi ileile kwa maneno matamu zaidi, ningekuwa namwomba aniamini mimi badala ya yule, bila kumpa sababu. Alichohitaji ni ahadi anazoweza kuzikagua kwa macho na pua yake, zenye tarehe, na zenye fedha nyuma yake. Nikamwambia, "Baba, niruhusu nikuandikie, usome na Bibi kwa nafasi yenu." Akasema niandike, atasoma.

Niseme kwa nini nilimtaka paka. Nauza maharage na mahindi sokoni Mbuyuni, na mzigo wa akiba unalala nyumbani, chumba cha ndani. Panya walikuwa wanatoboa magunia kutoka chini, na sumu siwezi kuiweka karibu na chakula cha watu. Lakini hata panya wasingekuwepo ningemtaka. Nimelelewa kwenye nyumba yenye paka, na nikirudi sokoni jioni napenda kukuta kiumbe ananisubiri mlangoni.

Kabla ya kuandika nilifanya kazi mbili. Ya kwanza, nilimwita fundi tukazunguka upande wangu wa nyumba tukitazama juu. Watu wengi wanaomba ruhusa ya paka bila kujua nyumba yenyewe ina matundu mangapi, na paka hahitaji tundu kubwa: kichwa chake kikipita, mwili wote kwa kawaida unafuata. Ya pili, nilikwenda kwa daktari wa mifugo kuuliza paka jike anafungwa kizazi akiwa na umri gani na chanjo inaanza lini, ili tarehe za kwenye barua ziwe tarehe zinazotekelezeka. Kisha nikaandika hivi:

Mpangaji wako,
Majengo, Moshi.
Januari.

Kwa Mzee mwenye nyumba, pamoja na Bibi.

YAH: OMBI LA RUHUSA YA KUFUGA PAKA MMOJA

Shikamoo Mzee, shikamoo Bibi. Natumaini mko wazima. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu, na mrejee mazungumzo yetu ya barazani.

Naomba ruhusa ya kufuga paka mmoja, jike, katika vyumba viwili ninavyopanga. Kwa sasa ana miezi mitatu na yuko kwa dada yangu Kiboriloni. Hatafika hapa mpaka mnijibu.

Kuhusu dari. Nimekagua na fundi, tumeona matundu matatu chini ya bati upande wangu na moja juu ya bafu. Naomba niyazibe kwa wavu wa chuma kwa gharama yangu, na wewe uyakague kabla paka hajaja. Wavu utabaki mali ya nyumba hata nikihama.

Kuhusu kuzaa. Paka atafungwa kizazi na daktari wa mifugo kabla Machi haijaisha, na karatasi ya daktari nitawaletea mkononi. Machi ikiisha bila karatasi hiyo, ruhusa iwe imekwisha, nimrudishe kwa dada yangu bila mabishano.

Kuhusu choo chake. Atatumia beseni la mchanga ndani kwangu, kona ya bafu. Kinyesi nitakizoa kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na mchanga wote nitaubadilisha kila wiki. Kinyesi kitafungwa kwenye mfuko na kuondoka na taka zangu. Hakitamwagwa shimo la mbolea wala karibu na mchicha wa Bibi.

Kuhusu uani. Nikiwa sokoni paka atakuwa ndani na mlango umefungwa. Akifukua tuta la mchicha nitalipanda upya. Akimuua kifaranga nitalipa bei ya kuku mkubwa. Akikojolea mswala au nguo iliyoanikwa nitaifua siku hiyohiyo, na harufu isipotoka nitanunua mpya.

Kuhusu uharibifu. Naomba tukague vyumba pamoja kabla hajaja, tupige picha za milango, fremu, nyavu za madirisha, sakafu na dari, pamoja na doa lililopo, kisha tuandike tulichokiona na kusaini wote wawili. Nitaweka kwako amana ya shilingi 100,000, mbali na kodi. Chochote paka atakachoharibu kitakatwa humo kwa gharama halisi ya fundi. Uharibifu ukizidi amana, nitaongeza. Naomba ukaguzi wa pili ufanyike Aprili, mvua zikiwa zimekolea, na wa mwisho siku nitakayohama, ndipo nirudishiwe kilichobaki.

Kuhusu afya. Atachanjwa kichaa cha mbwa na chanjo itarudiwa kila mwaka. Nakala ya cheti mtapewa. Akimng'ata au kumkwaruza mtu, gharama za matibabu ni zangu.

Nina ombi moja kwenu. Sumu ya panya isiwekwe uani bila mimi kuarifiwa, ili nimfungie ndani.

Nikihama nitaondoka naye. Nikishindwa kutimiza lolote kati ya haya, nipe wiki mbili nimwondoe paka, nami nibaki mpangaji wako kwa mkataba uleule.

Wako katika heshima,
Mpangaji wako.

Ndiyo barua nzima. Sikuweka picha ya paka, wala sikueleza jinsi alivyo mpole, kwa sababu upole wa paka haukuwa shida ya Mzee.

Nilianza na dari kwa makusudi, maana ndilo jeraha lake. Kuhusu kuzaa, tarehe ndiyo iliyobeba uzito. Paka jike anaweza kuanza kutafuta dume akiwa na miezi minne tu. Mimba yake ni kama miezi miwili na siku chache, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Anayesema "nitamfunga kizazi akikua" huwa anachelewa bila kujua, kwa kuwa kwa macho ya mtu yule bado ni mtoto. Daktari wetu alitaka afikishe kilo mbili kwanza, na kwa hesabu ya miezi yake Machi ilikuwa salama. Kufunga kizazi kunamaliza pia zile kelele za usiku za paka anayeita dume, ambazo wapangaji wenzangu wasingezivumilia, wala madume ya mtaa hayaji kupigana juu ya bati.

Sentensi ya "ruhusa iwe imekwisha" ilimshtua dada yangu alipoisoma. Aliona najifunga kamba shingoni. Mimi niliona kwamba Mzee akiwa na njia rahisi ya kutoka, kuingia hakutamtisha. Mwenye nyumba akisema ndiyo kwa paka, anachohofia ni kwamba hataweza tena kusema hapana bila ugomvi, bila kwenda kwa mjumbe, bila kumfukuza mpangaji anayelipa kodi vizuri. Ndiyo maana mwishoni nikatenganisha mambo mawili: paka anaweza kuondoka na mimi nikabaki. Hilo linamlinda yeye, na mimi linanilinda zaidi, kwa sababu bila maneno hayo kosa la paka lingeweza kugeuka kuwa sababu ya kuvunja mkataba wangu huku nimeshalipa kodi ya miezi sita mbele.

Suala la kinyesi lina uzito kuliko watu wanavyolichukulia. Jirani yangu wa chumba cha tatu alikuwa mjamzito wakati huo, na paka anayekula panya au nyama mbichi anaweza kubeba kimelea kiitwacho toksoplazima, ambacho hutoka kwenye kinyesi chake na kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ila mayai ya kimelea hiki hayaambukizi yakiwa mabichi. Yanahitaji siku moja hadi tano nje ya mwili wa paka ndipo yawe na nguvu ya kuambukiza. Kwa hiyo kuzoa kila asubuhi kuna maana yake: kinyesi kinaondoka kabla hatari haijakomaa. Kikizikwa kwenye bustani, mayai yanaweza kukaa hai udongoni kwa miezi mingi, na mchicha usiooshwa vizuri ukayabeba mpaka mezani. Nilimweleza jirani haya ana kwa ana, nikamwomba asiguse beseni hata siku nikiugua, na mboga aendelee kuziosha vizuri kama kawaida, kwa kuwa paka wa mtaani wanapita uani kwetu kila usiku, awepo wangu au asiwepo.

Mchanga wa paka unaouzwa madukani ni ghali kwa mtu wa kipato changu. Natumia mchanga wa ujenzi uliochekechwa na kuanikwa juani, kina cha vidole vitatu hivi, na ukikosekana naweka maranda kutoka kwa seremala. Maranda yananyonya mkojo vizuri, lakini yanashika manyoya na kutawanyika, na yasitoke kwenye mbao zilizopakwa dawa. Kina kina maana. Ukiwa mwembamba, mkojo unafika chini na kukaa kwenye plastiki, paka anachukia, anahamia kona ya chumba au kwenye rundo la nguo. Paka akiacha beseni ghafla huku ni safi, akawa anachuchumaa mara kwa mara na kutoa matone, huyo ni mgonjwa wa kibofu, apelekwe kwa daktari siku hiyo. Akiwa dume na mkojo hautoki kabisa anaweza kufa ndani ya siku chache.

Sasa Aprili. Bibi aliniuliza kwa nini nimechagua mwezi wa tope kwa ukaguzi, na hili ndilo jambo ambalo kila mwenye nyumba angefaa kulijua. Mkojo wa paka una asidi ya yuriki, ambayo ikikauka inabaki kama chembe ngumu ndani ya saruji, mbao au bodi. Maji na sabuni vinaondoa sehemu nyingine za mkojo, chembe hizo zinabaki. Kiangazi sakafu inakauka na harufu inapotea, mtu anadhani amemaliza. Unyevu ukirudi, chembe zinalowa na harufu inafufuka. Januari hapa Moshi joto ni kali na nyumba zinakauka, kwa hiyo chumba chenye siri kinaweza kupita ukaguzi bila shida. Masika hakipiti. Nilipomweleza Mzee hivyo alinyamaza, kisha akasema doa la chumbani kwangu lilikuwa likinuka vilevile, likilala kiangazi na kuamka Machi, naye alidhani ni bati linavuja. Nafikiri ni hapo aliponiamini. Nilikuwa nimemchagulia mwezi mbaya zaidi kwangu.

Silingi bodi iliyoloa mkojo haisafishiki, inakatwa kipande na kuwekwa kingine. Sakafu ya saruji inaweza kuokolewa ukiwahi. Kausha kwa tambara bila kusugua, osha kwa sabuni na maji, kisha mwagia siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uache ikae kabla ya kukausha tena. Penye saruji iliyonywa mkojo mwingi utarudia mara kadhaa. Jiki usiiguse kwa kazi hii. Klorini ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma macho na kifua, na ukiimwagia siki juu yake unatengeneza hewa mbaya zaidi, tena ndani ya bafu lisilo na dirisha.

Jibu halikuja haraka. Mzee alikaa na barua, Bibi akaisoma kwa sauti, na jioni moja wakaniita barazani. Mzee alianza na jambo ambalo sikulitegemea, mswala. Alisema kwa dini yake paka si najisi, kwamba Mtume amesema paka ni katika wanaowazunguka watu majumbani, na akinywa maji ya udhu maji hayo hayaharibiki. "Mate yake hayana neno. Mkojo ndio najisi, na manyoya nguoni sitaki." Akataka iandikwe kwamba wakati wa magharibi, miswala ikiwa imetandikwa, paka awe ndani hata kama mimi nipo. Nikaandika. Bibi akauliza habari ya vifaranga, nikamwonyesha mstari wa kuku mkubwa, akacheka na kusema kwa bei hiyo paka na ale tu.

Kisha Mzee akachukua kalamu na kuongeza sentensi mbili kwa mkono wake. Ya kwanza: amana ikikatwa, ijazwe tena ndani ya mwezi. Hiyo ilikuwa haki, nami sikuwa nimeifikiria kwa upande wake. Amana iliyoisha mwezi wa pili haimlindi mtu mwezi wa tatu. Ya pili: paka mmoja maana yake mmoja, na wageni wa paka wasilishwe mlangoni. Hapo alikuwa na maana ya mabakuli ya chakula yanayoachwa nje usiku, ambayo yanaita paka wote wa mtaa, na panya pia. Tukasaini nakala mbili, jirani mmoja akasaini kama shahidi.

Ombi langu la sumu lilizua mjadala mrefu kuliko yote. Mzee alizoea kuweka vidonge uani kila mavuno, naye alidhani paka hali sumu kwa sababu hali mahindi. Nikamweleza kwamba sumu nyingi za panya zinazuia damu kuganda, na panya aliyekula hafi palepale. Anaishi siku kadhaa akidhoofika, anatembea kwa kuyumba mchana kweupe, na huyo ndiye panya rahisi kuliko wote kwa paka kumkamata. Paka akila kadhaa wa namna hiyo, sumu inahamia kwake. Unamjua kwa ufizi uliopauka, kuchoka, na damu puani au kwenye choo, na daktari anaweza kumwokoa kwa vitamini K akiwahi. Mzee alikubali kujaribu kuacha sumu mpaka Aprili aone.

Paka alikuja baada ya matundu kuzibwa. Mzee mwenyewe alipanda ngazi na kuuvuta ule wavu kwa mkono, tundu moja baada ya jingine. Karatasi ya daktari nikaipeleka Machi pamoja na cheti cha chanjo. Kwa ajili ya kucha nilitengeneza gogo: kipande cha mti kirefu kiasi cha paka kujinyoosha mwili mzima akiwa amesimama, karibu sentimita 80, kimepigiliwa kwenye ubao mpana kisiyumbe, na kuzungushiwa kamba ya katani kutoka chini hadi juu. Likiyumba mara moja tu, paka halirudii tena. Nililiweka pale anapolala, kwa kuwa paka anapoamka tu ndipo anapojinyoosha na kukwaruza. Kwa kukwaruza anavua magamba ya kucha zilizochakaa na kuacha harufu ya nyayo zake, kwa hiyo huwezi kumkataza, unamchagulia mahali.

Fremu za milango ziliokoka kwa gogo hilo. Wavu wa dirisha haukuokoka. Usiku taa ya nje ikiwaka, wadudu wanaifuata, na mijusi wanakuja kuwala wakiwa wamegandamana nje ya wavu. Paka akimwona mjusi tumbo lake likiwa upande wa ndani, anaruka. Nilisikia mlio wa kuchanika, nikawasha taa ya chumbani na kumkuta ananing'inia kwa kucha za mbele katikati ya dirisha. Mpasuko ulikuwa mrefu kama kiganja, na mbu wakawa na njia. Asubuhi nilimwita Mzee akaone kabla sijagusa chochote, kwa kuwa barua ilisema gharama halisi, na gharama halisi inaanzia kwenye kuona pamoja. Fundi akabadilisha wavu wote wa dirisha hilo, na nusu ya chini akaweka wavu wa chuma mwembamba ambao kucha haziwezi kuukata. Fedha zikatoka kwenye amana, nami nikajaza kabla mwezi haujaisha. Mzee akaandika nyuma ya nakala yake tarehe, kazi na kiasi, akaniambia nami niandike kwenye yangu.

Aprili mvua ilinyesha siku mfululizo mpaka kuta zikaanza kutoa jasho. Mzee alikuja na Bibi. Bibi ndiye mwenye pua. Aliinama kona ya bafu, akafungua kabati la nguo, akanusa pazia kutoka chini. Akasimama chini ya doa la zamani na kusema hili bado linanuka, na akasema linanuka lenyewe, si jipya, kwa kuwa kingo zake ni zilezile za kwenye picha tuliyopiga Januari. Bila picha ile sijui ningejiteteaje, maana harufu haina tarehe. Mzee alikubali kwamba kile kipande ni deni la mpangaji wa zamani, akakibadilisha kwa fedha yake wiki iliyofuata. Sumu ya panya hakuirudisha.

Mkataba wangu ulipofika mwisho, barua haikuandikwa upya. Mzee alitaka maneno yake yaingie ndani ya mkataba kama kifungu, na mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia akasoma mstari kwa mstari na kugonga muhuri. Amana ikabaki palepale.

Sasa jirani wa chumba cha tatu, mtoto wake ameshaanza kutembea, ameomba naye afuge, na Mzee amemwambia akaandike kama mimi. Alikuja kuchukua nakala. Nilimpa, lakini nikamwambia asiinakili yote, kwa sababu paka anayemtaka ni dume. Dume hazai darini, tatizo lake ni ukuta: anasimama, anainua mkia na kunyunyiza mkojo nyuma yake kwa usawa wa goti la mtu, kwenye mlango, kwenye pazia, kwenye tairi la pikipiki, ili kuweka mipaka yake. Akihasiwa kabla tabia hiyo haijaanza, wengi hawaianzi kabisa. Akihasiwa akiwa ameshaizoea, wengi wanaacha, ila wengine wanaendelea. Tukafuta kifungu cha kuzaa na kuweka kuhasiwa kabla hajafikisha miezi sita, na kwenye ukaguzi tukaongeza sehemu ya chini ya kuta za nje mpaka kimo cha goti, pamoja na mlango wa Mzee. Amana ameandika 120,000, kwa sababu rangi ya ukuta ule ni mpya. Barua ameipeleka Ijumaa, na Bibi ameshamuuliza habari ya vifaranga.